Maswali Manne ya Mwalimu wa Bonga

Sura ya miundo ya utafiti hupangwa karibu kwa namna moja katika kila kitabu cha epidemiolojia. Kohoti huelezwa peke yake: unachukua watu ambao bado hawajaugua, wengine wana kihatarishi unachokichunguza na wengine hawana, unawafuatilia mpaka ujue nani kaugua. Utafiti wa wagonjwa na walinganishi nao huelezwa peke yake: unawachukua walioumwa, unawatafutia wenzao wasioumwa, kisha unarudi nyuma kuuliza nani alikuwa na kihatarishi. Hatimaye huja jaribio, ambapo mtafiti mwenyewe anagawa dawa au huduma kwa kura. Chini ya kila muundo kuna orodha ya faida na hasara. Kitabu cha Bonita, Beaglehole na Kjellström, kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani na ambacho toleo lake la pili ni la mwaka 2006, kinafuata mpangilio huo katika sura ya tatu, na kinaufuata vizuri.

Mpangilio huo unamfaa mwenye mtihani. Akiulizwa hasara za kohoti, anazitaja zote. Lakini muuguzi wa zahanati ambaye ameona homa fulani ikijirudia kwenye kaya zilezile, na sasa anatakiwa kuandika pendekezo la utafiti, hana swali linaloanza na neno kohoti. Swali lake linaanza na homa. Sura imepangwa kuanzia muundo kwenda kwenye swali, naye anasafiri kutoka upande wa pili.

Hapa Bonga, kilomita kama 19 kusini mwa Babati kwenye barabara ya Kondoa, yupo mwalimu mstaafu wa chuo cha matabibu ambaye kazi yake ya sasa ni kuigeuza sura hiyo. Anaowasaidia ni watumishi wa afya wanaojiendeleza: tabibu anayetafuta shahada, muuguzi anayeandika utafiti wake wa kwanza. Anachowapa ni karatasi moja ya manila yenye maswali, kila swali na majibu mawili tu, na mishale inayoishia kwenye muundo mmoja. Nimekuwa nikiifuatilia kazi hiyo kwa muda, na kinachonivutia zaidi ni sentensi alizozifuta. Manila ya sasa ina maswali manne. Rasimu ya mwanzo, ambayo bado ameihifadhi, ilikuwa na kumi na moja.

Swali la kwanza kwenye manila linasema: *Nani anaamua nani apate na nani akose?* Katika rasimu lilikuwa limeandikwa kama kitabuni: je, utafiti ni wa kuangalia au wa kuingilia kati? Wanafunzi walikuwa wakijibu kwa kubahatisha, kwa sababu kila mtafiti anajiona anaingilia kati. Kupima damu ya mtu nako ni kuingilia. Mwalimu akaiacha lugha ya kitabu na kuuliza juu ya uamuzi wenyewe. Kama anayeamua ni mgonjwa, au daktari wake, au umaskini, au mila, basi hilo si jaribio hata kama kuna vidonge vinagawiwa. Kama anayeamua ni kura, ni jaribio. Hakuna jibu la katikati, na "inategemea" hairuhusiwi.

Kwa nini swali hili liwe la kwanza? Mwalimu hulieleza kwa kisa cha Dar es Salaam, na hukieleza taratibu. Mwaka 1994 watafiti waliofuatilia wajawazito wenye virusi vya UKIMWI nchini Malawi walitoa ripoti kwamba mama wenye kiwango kidogo cha vitamini A kwenye damu waliwaambukiza watoto wao zaidi. Ilikuwa kohoti iliyofanywa vizuri. Wengi walisoma ripoti ile wakawaza jambo moja: kama upungufu unaambukiza, basi tuwape vitamini A. Ni dawa ya bei nafuu, inayojulikana, na watoto walikuwa tayari wakipewa kwa sababu nyingine.

Mwaka 1995 jaribio likaanza Dar es Salaam kwa ushirikiano wa chuo cha Muhimbili na Chuo Kikuu cha Harvard. Wajawazito 1,078 wenye virusi waligawanywa kwa kura katika makundi manne: waliopata vitamini A, waliopata mchanganyiko wa vitamini nyingine, waliopata vyote viwili, na waliopata kidonge kisicho na dawa. Mpango huo wa makundi manne una ustadi wake, maana unajibu maswali mawili kwa idadi ileile ya kina mama. Mchanganyiko wa vitamini ulipunguza vifo vya watoto tumboni kwa asilimia 39. Vitamini A, iliyotarajiwa kuzuia maambukizi ya mama kwenda kwa mtoto, iliyaongeza kwa asilimia 38.

Ingekuwa rahisi kusema kohoti ya Malawi ilikosea. Haikukosea, iliona kile ilichopangwa kuona. Kwa mama ambaye ugonjwa umeshamla, vitamini A kwenye damu hushuka kwa sababu ya ugonjwa wenyewe, na ugonjwa huohuo ndio unaomfanya amwambukize mtoto kwa urahisi. Upungufu ulikuwa dalili ya kitu kingine kilichokuwa kikiendelea mwilini. Kohoti haikuweza kutenganisha mambo hayo mawili, kwa kuwa hakuna aliyeamua nani awe na upungufu. Ugonjwa ndio uliokuwa ukiamua. Kura ndiyo iliyovunja uhusiano huo. Mwalimu akishafika hapo hunyoosha kidole kwenye swali la kwanza, na mwanafunzi anaelewa kwa nini limewekwa juu.

Mshale wa "kura" una kituo kimoja cha ukaguzi kabla ya kufika kwenye jaribio. Kimeandikwa kwa maneno machache: *Je, wewe mwenyewe hujui lipi ni bora?* Kama unajua kwamba kitu kina madhara, huwezi kumpangia mtu akipate. Kama unajua kwamba kinaokoa, huwezi kumnyima. Jaribio linaishi kwenye shaka ya kweli tu. Huko Dar es Salaam shaka ilikuwepo, ingawa wengi walidhani haipo.

Asiyeweza kupiga kura anashuka kwenye swali la pili, na hapo ndipo ninapoona mkono wa fundi kuliko mahali pengine popote. Vitabu vingi humfundisha msomaji kwamba kohoti inaangalia mbele na wagonjwa na walinganishi inaangalia nyuma. Mwalimu alikuwa ameandika hivyo kwenye rasimu, kisha akagundua kwamba mistari hiyo miwili ndiyo inayowapoteza wengi. Mtu akifungua rejista ya kliniki ya wajawazito ya miaka 10 iliyopita, akawagawa kina mama kwa wingi wa damu waliokuwa nao hudhurio la kwanza, kisha akafuatilia kwenye rejista ya wodi ya wazazi nani alijifungua mtoto mwenye uzito mdogo, kazi yote ni ya zamani. Hakuna anayeangalia mbele. Hata hivyo ni kohoti, tena kohoti safi, kwa sababu kina mama waliingizwa kwenye utafiti kwa damu yao, kabla ya kujua mtoto atakuwaje.

Kwa hiyo maneno mbele na nyuma yakafutwa. Swali la pili sasa linasema: *Mlangoni, unamkagua mtu kitu gani ili aingie?* Ukimkagua kihatarishi, uko kwenye kohoti, hata kama kumbukumbu zimeshapigwa vumbi. Ukimkagua ugonjwa, uko kwenye wagonjwa na walinganishi, hata kama unawasubiri waje mmojammoja mwaka ujao. Nimesoma vitabu kadhaa juu ya jambo hili, na sijaona palipolinyoosha kwa maneno machache kuliko haya.

Swali la tatu na la nne mwalimu huyafundisha pamoja, kwa ugonjwa mmoja, nao ni saratani ya Burkitt. Amechagua vizuri, kwani ugonjwa huu umefanyiwa kila aina ya utafiti, na kazi kubwa imefanyika hapahapa Afrika Mashariki. Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote. Mwaka uliofuata aliandika juu ya watoto wa namna hiyo, na baadaye akasafiri kwa gari nchi baada ya nchi akitazama mahali uvimbe huo unapoonekana na mahali usipoonekana. Ramani aliyoipata ilifanana sana na ramani ya malaria kali. Mwaka 1964 wenzake wa London, Epstein, Achong na Barr, walikuta kirusi ndani ya seli za uvimbe huo. Tangu hapo kukawa na washukiwa wawili, malaria na kirusi.

Swali la tatu la manila ni: *Ukiwafuatilia watu wote unaoweza kuwafikia mpaka fedha ziishe, utapata wagonjwa wangapi?* Kitabu huuliza kama ugonjwa ni nadra. Neno nadra halimsaidii mtu. Ugonjwa wa mtoto mmoja kati ya 1,000 unaonekana nadra kwenye zahanati na wa kawaida kwenye mkoa. Mwalimu humlazimisha mwanafunzi akokotoe, na humpa mfano wa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Huko, kuanzia 1972 hadi 1974, watafiti wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani la Lyon walichukua damu ya watoto 42,000 hivi, wakaigandisha na kuihifadhi. Wakasubiri. Ripoti waliyoichapisha mwaka 1978 ilikuwa na watoto 14 waliopata Burkitt.

Huwa kunakuwa kimya kidogo darasani baada ya namba hizo mbili kuandikwa ubaoni, 42,000 na 14. Kisha mtu huuliza, kwa haki kabisa, kwa nini hawakuwachukua wagonjwa waliokwisha kulazwa Mulago wakawapima damu na kuwalinganisha na watoto wazima. Wangepata 14 kwa muda mfupi. Ukweli ni kwamba hilo lilikuwa limeshafanyika, na watoto wagonjwa walionekana kuwa na kingamwili nyingi za kirusi kile. Lakini je, kingamwili zilitangulia uvimbe, au uvimbe ndio uliozipandisha? Damu iliyochukuliwa baada ya ugonjwa haiwezi kujibu.

Hapo ndipo swali la nne linapoingia: *Ukimkuta mtu ameshaugua, kihatarishi bado kinasomeka kama kilivyokuwa kabla?* Kwa kingamwili jibu ni hapana. Kwa sababu ya hapana hiyo watu walikubali kuchoma sindano watoto 42,000 ili wapate 14. Damu iliyogandishwa ya wale 14, iliyochukuliwa wakiwa wazima, ililinganishwa na ya watoto wengine wa umri na jinsia zilezile wa eneo lilelile, na kingamwili zilikuwa juu tangu mapema, uvimbe ukiwa bado haujaonekana. Angalia pia ubanifu wao: hawakupima damu zote 42,000. Walipima za wagonjwa na za walinganishi wachache tu waliotolewa kwenye kundi lilelile, wakapata nguvu ya kohoti kwa gharama ya maabara ya wagonjwa na walinganishi. Manila ina mshale mdogo wa nukta kwa ajili ya njia hiyo, unaotoka kwenye kohoti kurudi upande wa pili, na pembeni yake pameandikwa "kama una friza".

Sasa badili kihatarishi, ugonjwa uwe uleule. Kati ya 2010 na 2016 utafiti uitwao EMBLEM uliwakusanya watoto wenye Burkitt kutoka Uganda, Tanzania na Kenya, ukawalinganisha na watoto wazima wa vijijini. Ni wagonjwa na walinganishi, na ulifaa, kwa mfano, kuuliza juu ya chembe ya urithi ya selimundu. Mtoto aliyeirithi kwa mzazi mmoja huwa nayo tangu tumboni. Ugonjwa hauibadilishi, mama hahitaji kukumbuka kitu, na tone la damu linatoa jibu lilelile kabla na baada. Kaskazini mwa Uganda watoto wa namna hiyo walionekana kupata Burkitt kwa uchache zaidi, na kwa kuwa chembe hiyo inajulikana kukinga dhidi ya malaria kali, malaria ikazidi kushukiwa. Saratani ni ileile, watoto wa eneo moja la dunia, lakini kingamwili ikampeleka mtafiti kwenye kohoti na selimundu ikampeleka kwa wagonjwa na walinganishi. Kinachoamua si jina la ugonjwa. Wanafunzi wengi hufika wakiuliza "saratani inafanyiwa muundo gani?", na maswali ya tatu na ya nne yamewekwa ili swali hilo lisiwe na pa kusimama.

Malaria nayo ilijaribiwa, na hapa ni Tanzania. Katika wilaya ya North Mara, kuanzia 1977 hadi 1982, watoto wa chini ya miaka 10 waligawiwa klorokwini mara mbili kwa mwezi ili ionekane kama Burkitt itapungua. Ilipungua. Hata hivyo kupungua kulikuwa kumeanza kabla ya vidonge, na vimelea vya malaria, baada ya kushuka kidogo mwanzoni, vilirudi kama zamani wakati vidonge vikiendelea kugawiwa. Watafiti wenyewe waliandika kwamba hawawezi kusema kwa hakika kuwa klorokwini ndiyo iliyofanya kazi. Mwalimu huwapa wanafunzi kisa hicho bila kuwaambia kimeishiaje, na kuwataka wakipitishe kwenye manila. Wengi hukimbilia jaribio, maana kuna dawa na kuna mtafiti anayeigawa. Anawarudisha kwenye swali la kwanza. Nani aliamua nani akose? Hakuna aliyekosa kwa kura. Wilaya nzima ilipewa, ikalinganishwa na ilivyokuwa zamani. Manila inakataa kumpa mtu huyo mshale wa jaribio, na inamwachia sanduku lililo pembeni, lenye maneno "kabla na baada: umejuaje kwamba isingeshuka yenyewe?" Sanduku hilo halimo kwenye sura ya kitabu. Limetokana na kisa cha North Mara moja kwa moja.

Nieleze pia namna anavyouhakiki mwongozo, kwa sababu naona hapo ndipo wengi wanaotengeneza miongozo wanapochoka mapema. Hauangalii kama unasomeka vizuri. Anachukua tafiti zilizokwisha kufanyika, anaficha muundo, anabakiza swali na mazingira, kisha anampa mtu asiyezijua azipitishe kwenye mishale. Kama mtu huyo anafika kwenye muundo tofauti na ule uliotumika, mwalimu anauliza kipi kimekosea: mtu, mwongozo, au utafiti wenyewe. Mara nyingi ni neno moja kwenye swali moja. Hivyo ndivyo maswali 11 yalivyokuwa manne.

Kazi ya mwisho ya darasa ni swali la hapahapa. Manyara ni mkoa wa mifugo, na bruselosi ipo: homa inayokwenda na kurudi, jasho la usiku, viungo kuuma kwa wiki nyingi, na vipimo vya malaria vinavyotoka bila kitu. Mtu huipata kwa kunywa maziwa mabichi, au kwa kumsaidia mnyama kuzaa na kushika kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Muuguzi mmoja alitaka kujua maziwa mabichi yanachangia kiasi gani kwa wagonjwa wa vijiji vya jirani. Walipitisha swali hilo kwenye manila, nami nikiwepo.

Swali la kwanza: anayeamua nani anywe maziwa mabichi ni kaya yenyewe, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayempangia mwenzake ayanywe. Kura haiwezekani. La tatu walilifanya kwa kukisia: tuseme wanaougua ni wawili kwa kila watu 1,000 kwa mwaka. Ili upate wagonjwa 60 utafuatilia watu 10,000 kwa miaka mitatu. Muuguzi huyo hana pikipiki, sembuse miaka mitatu. La nne: je, mgonjwa anaweza kueleza alivyokuwa akinywa maziwa kabla ya homa? Kwa sehemu kubwa ndiyo, kwa kuwa ni desturi ya kila siku. Lakini ukiuliza mazoea ya sasa utadanganyika, maana aliyeambiwa hospitalini aache maziwa mabichi ameshaacha. Swali lake la dodoso lazima lilenge miezi mitatu kabla ya homa kuanza. Kwa majibu hayo, mlangoni atamkagua mtu ugonjwa: ni wagonjwa na walinganishi.

"Na walinganishi nitawatoa wapi, mwalimu?" aliuliza. "Nichukue waliovunjika mifupa, wapo wodini palepale?"

"Waliovunjika mifupa wanatoka wapi, mama?"

Akafikiri. Majeruhi wengi wa hospitali ya mjini ni wa bodaboda, na wengi wao ni watu wa mjini ambao maziwa wanayapata yakiwa yamechemshwa kwenye chai ya mgahawani. Ukiwalinganisha na wafugaji wa vijijini, maziwa mabichi yataonekana hatari kupita kiasi hata kama hayana neno. Mlinganishi sahihi ni mtu ambaye, kama angeugua bruselosi yeye, angefika hospitali hiyohiyo na kuhesabiwa mgonjwa. Wakakubaliana kila mgonjwa apatiwe walinganishi wawili wa kitongoji chake, wa umri wa karibu na wa jinsia ileile, nao wapimwe ili asiingie mtu mwenye bruselosi isiyojulikana.

Kisha mwalimu akawapa namba za kubuni ili waone kitakachotokea. Wagonjwa 60: 42 walikunywa maziwa mabichi, 18 hawakunywa. Walinganishi 120: 48 walikunywa, 72 hawakunywa. Zidisha 42 kwa 72, gawanya kwa 18 mara 48, unapata 3.5. Mwanafunzi mmoja akasema wanywaji wanaugua mara tatu na nusu zaidi, na kwamba asilimia 47 ya wanywaji wameugua, yaani 42 kati ya 90. Sentensi ya kwanza inapita, kwa ugonjwa wa nadra kama huu. Ya pili haina maana yoyote: wale 90 wamekutana kwenye karatasi tu, kwa kuwa mtafiti ndiye aliyeamua kuchukua walinganishi wawili kwa kila mgonjwa. Angechukua wanne, asilimia hiyo ingeshuka bila ugonjwa kubadilika hata kidogo, wakati ile 3.5 ingebaki palepale. Kohoti na jaribio hukupa ukubwa wa hatari yenyewe. Wagonjwa na walinganishi hukupa uwiano tu.

Bado kulikuwa na jambo. Kaya inayokunywa maziwa mabichi ndiyo hiyohiyo inayozalisha ng'ombe. Mwalimu akazigawa namba zilezile. Miongoni mwa waliowahi kumsaidia mnyama kuzaa: wagonjwa 35 walikunywa na 5 hawakunywa, walinganishi 28 walikunywa na 8 hawakunywa. Uwiano ni 2. Miongoni mwa ambao hawajawahi: wagonjwa 7 na 13, walinganishi 20 na 64. Uwiano ni 1.7. Ile 3.5 imeyeyuka kila upande, na sehemu iliyopotea ilikuwa ya mikono iliyoshika kondo la nyuma. Muuguzi akaongeza swali la uzalishaji kwenye dodoso lake palepale, kwa kalamu nyekundu. Kama asingeuliza akiwa vijijini, hakuna hesabu ya baadaye ambayo ingeweza kumrudishia jibu hilo.

Kijana wa ofisi ya mifugo, aliyekuwa amekaa nyuma, akauliza kuhusu chanjo ya mitamba. Kama ng'ombe wakichanjwa, watu wataugua kidogo? Mwalimu akamwambia arudi juu ya manila. Nani anaamua? Hapo kura inawezekana, na shaka ipo, maana chanjo inawakinga ng'ombe huku mbuzi na kondoo wa kaya hiyohiyo wakibaki nje. Lakini huwezi kumpigia kura ng'ombe mmojammoja, kwani malisho ni ya pamoja na maziwa huchanganywa. Kura itapigwa kwa kijiji kizima. Na kijiji kikiwa ndicho kinachopigiwa kura, kijiji ndicho kinachohesabiwa: viwili, kimoja kimechanjwa na kingine hakijachanjwa, ni sampuli ya viwili hata kama ndani yake mna watu 6,000, kwa sababu mwaka mmoja wa ukame upande mmoja unatosha kuharibu ulinganifu wote. Wakaanza kuorodhesha vijiji vya wilaya ambavyo mifugo yao haikutani malishoni wala mnadani. Walipofika cha saba wakaanza kubishana kama Bonga yenyewe inaweza kuingia, na mwalimu akaongeza mstari mpya wa penseli chini ya mshale wa jaribio: *Unapiga kura kwa mtu, au kwa kijiji? Hesabu hivyo hivyo.*